Mzigo Mwepesi, Nauli Nzito: Namna ya Kuihakiki Ankara ya Mizigo ya Ndege

(Haya ndiyo maneno ya hotuba waliyosomewa wanachama wa vikundi vya wasusi wa vyondo na wakulima wa kahawa wa Meru na Embu.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja linalowasumbua wengi wanaopeleka bidhaa zao ng'ambo kwa ndege. Mtu hupima mzigo wake nyumbani kwa mizani iliyo sawa, akaona kilo 55. Mzigo ufikapo Nairobi, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, huletewa ankara ya kilo 100 au zaidi. Hapo husema, "Nimeibiwa." Pengine ni kweli amedhulumiwa, na pengine sivyo. Nataka kuwaonyesha namna ya kujua lipi ndilo, kwa kutumia futi ya kupimia, kalamu na karatasi tu.

Kwanza tuelewe sababu ya jambo lenyewe. Ndege ina mipaka miwili: uzito inaoweza kuinua, na nafasi iliyomo tumboni mwake. Mtu akijaza ndege nzima vyondo, nafasi itakwisha hali uzito ungali mdogo, na mwenye ndege atapata hasara kama akilipwa kwa mizani peke yake. Kwa hiyo wenye ndege hupima kila mzigo mara mbili. Mara ya kwanza huuweka juu ya mizani, nao huo ni uzito halisi. Mara ya pili hupima urefu, upana na kimo, wakapata ujazo, kisha wakaugeuza ujazo huo kuwa kilo. Huo huitwa uzito wa ujazo. Katika hizo mbili, hesabu iliyo kubwa ndiyo inayolipiwa. Hawajumlishi zote mbili. Huchukua moja tu.

Namna ya kugeuza ni hii. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Ndiyo kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege duniani. Maana yake ni kwamba kila lita 6 za nafasi huhesabiwa kuwa kilo 1. Mfano ulio karibu nasi ni debe la lita 18. Kwa hesabu hii debe lina kilo 3 za ujazo, liwe tupu au limejaa. Ukilijaza mahindi, mizani itashinda kwa mbali, nawe utalipia uzito halisi. Ukilijaza manyoya ya kuku, utalipia kilo 3 hata kama manyoya hayafiki nusu kilo.

Lakini makampuni yanayochukua vifurushi vya haraka, yale yanayopokea mzigo mlangoni pako na kuufikisha mlangoni pa mnunuzi, kwa kawaida hugawanya kwa 5,000. Kigawanyo kikiwa kidogo, uzito wa ujazo huwa mkubwa. Basi swali la kwanza la kumwuliza wakala, kabla hata ya bei ya kilo, ni hili: "Mwagawanya kwa ngapi?" Na jibu lake liandikwe katika barua ya bei.

Sasa natuchukue mfano, tuufuate tangu mwanzo hata mwisho. Tuseme kikundi cha akina mama wa Siakago wana vyondo 100 vya kupeleka Ulaya, navyo vimewekwa katika katoni 5. Kila katoni ina urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40, na uzito wake juu ya mizani ni kilo 11. Bei ya kilo, kwa ajili ya mfano wetu tu, tuseme ni shilingi 300.

Uzito halisi ni kilo 11 mara 5, yaani kilo 55. Ujazo wa katoni moja ni 60 mara 50 mara 40, yaani sentimita za ujazo 120,000. Gawanya kwa 6,000, upate kilo 20. Katoni 5 ni kilo 100. Mia moja ni kubwa kuliko hamsini na tano, kwa hiyo malipo ya haki ni kilo 100 kwa shilingi 300, yaani shilingi 30,000.

Angalieni maana yake kwa msusi. Kama kikundi kiliweka bei kwa kutazama mizani tu, kilidhani nauli ni shilingi 16,500, yaani shilingi 165 kwa kila chondo. Kweli yake ni shilingi 300 kwa kila chondo. Zile shilingi 135 zilizozidi mnunuzi hatazilipa, maana amekwisha kupewa bei. Zitatoka katika ujira wa mikono iliyosuka. Ndiyo sababu hesabu hii yapasa kufanywa kabla ya kumpa mnunuzi bei, wala si baada ya kupokea ankara.

Haya, ankara imefika, nayo haisemi kilo 100. Inasema kilo 120. Tutajuaje kosa liko wapi? Njia ni kurudi nyuma katika hesabu. Chukua kilo zilizolipishwa, uzizidishe kwa kigawanyo, utapata ujazo ambao wakala alidai kuuona. Kilo 120 mara 6,000 ni 720,000. Lakini katoni zetu 5 zina 600,000 tu. Hazilingani. Sasa jaribu kigawanyo kile kingine: 120 mara 5,000 ni 600,000 kamili. Hapo jambo limefichuka. Vipimo vyetu havikuguswa, bali mtu alibadili kigawanyo. Kama barua ya bei ilisema 6,000, kikundi kina haki ya kudai shilingi 6,000 zirudishwe, nao ushahidi wao ni barua hiyo.

Tuseme badala yake ankara inasema kilo 116. Rudi nyuma tena: 116 mara 6,000 ni 696,000. Gawanya kwa katoni 5, upate 139,200 kwa kila moja, nasi twajua kwamba zetu ni 120,000. Ukijaribu 5,000, unapata 580,000, pungufu ya ujazo wetu, kwa hiyo kigawanyo siyo kosa. Hapa yafaa kushuku vipimo. Na mara nyingi mwenye makosa ni katoni yenyewe! Chondo ni kitu chenye nguvu ya kusukuma. Katoni ikishindiliwa, tumbo lake huvimba, nacho kifuniko hupanda. Ghalani hawapimi pale penye mkunjo wa katoni. Hupima pale palipojitokeza zaidi, na penye mashine ya kupimia, mashine nayo hufanya vivyo hivyo. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 40 iliyovimba ikawa 62 kwa 52 kwa 43 ina ujazo wa 138,632. Tano zake, zikigawanywa kwa 6,000, ni kilo 115 na nusu na kidogo, nazo hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, yaani 116. Ankara hiyo ni ya haki, ingawa inauma. Sentimita 2 huku, 2 kule na 3 juu zimegharimu shilingi 4,800.

Kwa hiyo pimeni katoni baada ya kuifunga, si kabla, na mpime pale ilipovimba. Pigeni picha futi ikiwa juu ya katoni, kila upande, kabla mzigo haujaondoka Embu au Meru. Vipimo vya ghala vikitofautiana na vyenu, ombeni karatasi ya vipimo vya ghala, na mwombe upimaji urudiwe kabla ndege haijaondoka. Mzigo ukisha kupanda angani, hakuna awezaye kuupima tena, na neno lenu litakuwa dhidi ya neno la ghala. Tazameni pia ada za mafuta na za ulinzi zilizo chini ya ankara: nyingine hutozwa kwa uzito halisi na nyingine kwa uzito wa kulipia. Ulizeni ipi ni ipi, mkazihakiki kila moja kwa uzito wake.

Sasa niseme juu ya kupunguza nauli kwa njia ya haki. Njia ya kwanza ni kuondoa hewa. Vyondo vikilazwa na kuingizwa kimoja ndani ya kingine, huenda katoni ya kimo cha 40 ikawa na sentimita 10 tupu juu yake. Ikateni iwe na kimo cha 30. Kila katoni sasa ni kilo 15 za ujazo, na zote 5 ni kilo 75. Nauli imeshuka hadi shilingi 22,500. Lakini jueni mpaka wake: mkifika kilo 55, mizani ndiyo itakayotawala, na kubana zaidi kutavunja kingo za vyondo bila faida yoyote.

Njia ya pili ni kuchanganya mzigo mzito na mwepesi. Katoni ya sentimita 30 kila upande huweza kubeba kilo 18 za buni, nayo ujazo wake ni kilo 4 na nusu tu. Tuseme chama cha kahawa kinapeleka katoni 2 za namna hiyo kwa mnunuzi yule yule: uzito halisi ni 36, ujazo 9. Zikienda peke yake zitalipiwa kilo 36, na vyondo katika katoni zile za kwanza vitalipiwa 100. Jumla ni 136. Zikiandikwa zote katika hati moja ya mzigo wa ndege, wenye ndege hulinganisha jumla kwa jumla: uzito halisi 91, ujazo 109. Mtalipia 109, yaani mtaokoa shilingi 8,100 za kugawana. Sharti ni mbili. Makampuni ya vifurushi mara nyingi hupima kila katoni mbali, na hapo hila hii haifai kitu. Tena buni ni zao la shamba, lahitaji vibali vyake, pamoja na hati ya afya ya mimea kutoka KEPHIS. Zikichelewa, vyondo navyo vitangoja.

Mwisho, wanaofikiria meli kutoka Mombasa wasidhani wameikwepa hesabu hii. Huko pia hulinganisha, ila mita 1 ya ujazo huhesabiwa sawa na tani 1. Katoni zetu 5 za kwanza ni sehemu 6 katika 10 za mita ya ujazo, na wakusanyaji wengi wa mizigo hutoza mita 1 nzima kuwa kima cha chini. Yaani nafasi iliyobaki mmekwisha kuilipia. Yafaa muulize kama mwaweza kuijaza.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Walio na ankara mikononi na wazilete hapa mezani, tuzirudishe nyuma pamoja.