Tukifuatilia Mnunuzi Bila Kumsihi

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia vya Homa Bay na Migori)

Leo hatutazungumza juu ya kulima, kwa sababu kulima mnajua. Tutazungumza juu ya zile siku zinazofuata baada ya kumpelekea mnunuzi bidhaa ya kuonja. Amesema, "Sawa, tutawaambia." Wiki imepita, hasemi kitu. Mnafanya nini?

Wengi wetu tunachukua simu na kuanza kutuma. Basi hebu tutazame ujumbe wenyewe unavyosomeka kwa yule anayeupokea. Tutachukua mfano wa kikundi kimoja cha Kabondo ambacho tumekaa nacho kazini. Jina tunaliacha. Kikundi hiki kinalima viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vya mbegu ya Kabode. Kilipeleka viazi vya kuonja Jumatano katika shule moja ya bweni upande wa Rongo, yenye wanafunzi 400. Mwalimu anayesimamia chakula alivipokea vizuri na kuuliza bei. Aliambiwa shilingi 40 kwa kilo.

Wiki iliyofuata alipokea haya.

Jumatatu: "Habari mwalimu. Vipi ile maneno ya viazi? Tunangoja."

Jumanne: "Mwalimu bado hujatujibu. Tafadhali sana. Tuko na magunia tayari tumechimba."

Jumatano alipigiwa simu mara mbili akiwa darasani, mara moja na mwenyekiti, mara nyingine na mweka hazina. Halafu Alhamisi: "Mwalimu tumepunguza. Chukua kwa 30. Hata 25 tuongee. Tusaidie, kina mama wameumia na viazi vinaharibika. Mungu akubariki."

Matusi hayamo, na heshima ipo. Lakini mwalimu alinyamaza kabisa.

Mwalimu alisikia nini?

Tukae kwenye kiti chake. Mtu akimwandikia kwamba viazi vinaharibika, yeye anawaza wanafunzi 400 wenye tumbo la kuhara. Mtu akishuka kutoka 40 hadi 25 bila kuulizwa, anajiuliza kama ile 40 ilikuwa ya kumlalia, au kama viazi vina kasoro. Akipigiwa na watu wawili tofauti, hajui ni nani atakayewajibika siku gunia likija pungufu.

Na neno "tusaidie" linamfunga zaidi. Pesa ya chakula si yake. Hawezi kuitoa kama mchango wa harambee. Lazima aende kwa mhasibu na kwa mwalimu mkuu, na huko ataulizwa: ni kilo ngapi, ni pesa ngapi, vinakuja lini, na kwa nini hivi badala ya mkate tuliouzoea? Katika jumbe zote zile hakuna jibu hata moja la maswali hayo. Ofisini angeenda kusema nini? Kwamba kuna kina mama Kabondo wana shida?

Hili ndilo jambo moja tunalotaka mlichukue leo: ujumbe wa kufuatilia umpe mnunuzi kitu cha kupeleka ofisini kwake. Kama hauna kitu kama hicho, ni kumsihi tu, hata ukiandikwa kwa adabu namna gani.

Tazameni mkate wa viazi. Mwaka 2015 maduka ya Tuskys, ambayo siku hizi yamefungwa, yalianza kuoka mkate uliotiwa rojo ya viazi vya rangi ya chungwa vilivyopondwa katika kiwanda huku Homa Bay. Mwokaji hakuchukua rojo ile kwa kutuhurumia. Ilishika nafasi ya sehemu ya unga wa ngano, na ikampa mkate wenye rangi na jina jipya. Alikuwa na sababu yake mwenyewe. Na mwalimu wa Rongo naye anahitaji sababu yake mwenyewe.

Kuandika upya

Tulikaa na kikundi chini ya mti, tukaandika zile jumbe kwenye karatasi kubwa. Kwanza tukakata kwa kalamu kila neno linaloeleza shida yetu: tunangoja, tafadhali sana, tumechimba, tusaidie, wameumia. Yaliyobaki yalikuwa maneno mawili tu, viazi na bei. Hapo kila mtu akaona kwa macho yake jinsi ujumbe ulivyokuwa mtupu.

Kisha tukapiga hesabu ambayo mwalimu angelazimika kuipiga mwenyewe. Tukimpa kila mwanafunzi robo kilo ya viazi asubuhi pamoja na chai, wanafunzi 400 wanahitaji kilo 100. Kwa shilingi 40 ni shilingi 4,000. Kwa mkate, tukigawa robo ya mkate kwa kila mmoja, ni mikate 100. Ikiwa mkate mmoja ni shilingi 65, hiyo ni shilingi 6,500. Kuni za kuchemshia viazi zinaongeza gharama, na hilo tusilifiche, lakini tofauti ya shilingi 2,500 ni jambo ambalo mhasibu atalisikiliza.

Kabla ya kuahidi kufikisha viazi shuleni, tukauliza nauli. Magunia mawili ya kilo 50 yanapita Kisii kabla ya kufika Rongo. Tuseme usafiri wote ni shilingi 600. Kikundi kinabaki na 3,400, yaani shilingi 34 kwa kilo. Wakaulizana: je, hiyo inapita ile tunayopata kwa dalali hapa barabarani? Kumbukeni gunia la dalali linaongezwa shingo mpaka hakuna anayejua uzito wake, kwa hiyo lipimwe kwanza kabla ya kulinganisha. Walipima, wakaona 34 ni afadhali. Kama ingekuwa hasara, ujumbe mzuri usingesaidia kitu.

Ndipo wakaandika hivi:

"Habari mwalimu. Ni katibu wa kikundi cha Kabondo kilicholeta viazi vya kuonja. Kwa wanafunzi 400, robo kilo kila mmoja, ni kilo 100. Jumla shilingi 4,000 mpaka stoo yenu, na tutapima mbele ya mtunza stoo. Tukichimba Jumatatu vinafika Jumanne asubuhi. Mkipenda kujaribu siku moja, tuambie kufikia Ijumaa. Kama muhula huu haiwezekani, si neno, tutauliza kabla ya muhula ujao."

Tazameni kilichobadilika. Mwandikaji amejitambulisha, kwa sababu mwalimu hukutana na wauzaji wengi. Bei ni ile ile. Hesabu imekwisha pigwa. Anaombwa ajaribu siku moja tu, jambo ambalo ofisi inaweza kukubali bila mkutano mrefu. Na mwisho amefunguliwa mlango wa kukataa. Wengine waliogopa hapo: "Tukimwambia anaweza kukataa, si atakataa?" Lakini anayeogopa kusema hapana hunyamaza, na kimya ndicho kinachotuumiza, kwa sababu hatujui kama tungoje au tuuze kwingine.

Jibu lilikuja siku ya pili: "Muhula unaisha, pesa hakuna. Leteni kilo 50 wiki ya pili ya muhula ujao tuone." Ilikuwa nusu ya walichotaka, tena si kwa wakati waliotaka. Lakini lilikuwa jibu lenye tarehe, na kikundi kiliweza kupanga.

Haraka inatoka shambani

Sasa tuseme ukweli. Kwa nini zile jumbe za kwanza zilikuwa na haraka vile? Kwa sababu viazi vilikuwa vimeshachimbwa. Kiazi kitamu kikitoka ardhini katika joto letu kinaanza kunywea na kuoza baada ya siku chache, zaidi kama kimekatwa na jembe. Mwenye magunia yanayonyauka nyumbani hawezi kuandika kwa utulivu.

Dawa yake ni kuacha ardhi iwe ghala. Viazi vikikomaa vinaweza kukaa tutani wiki kadhaa, nanyi mkachimba kiasi kile tu mlichoagizwa. Adui ni fukusi. Jua likikausha udongo, tuta linapasuka, na fukusi anashuka kwenye ufa mpaka kwenye kiazi. Kwa hiyo pitieni matuta na kuziba nyufa kwa udongo. Mkichimba kimoja mkaona vitundu na kuonja uchungu, msingoje tena: uzeni vilivyo vizima sokoni mara moja, na shule muiambie kwamba safari hii hamna. Msimwandikie mwalimu kwamba viko tayari wakati mnajua vimeingiliwa.

Mara ngapi, na nani?

Achague kikundi mtu mmoja wa kuandika, kwa namba moja ya simu. Wengine wote wanyamaze, hata mwenyekiti.

Baada ya ujumbe wa kwanza, ngojeni wiki nzima. Wa pili usirudie wa kwanza, uwe na kitu kipya. Kwa mfano: "Mwalimu, kwa wapishi: tutachagua viazi vya ukubwa wa ngumi ili viive pamoja. Vioshwe tu, vichemshwe na maganda." Wa tatu ni wa kuaga kwa heshima: "Hatutawasumbua tena muhula huu. Mkihitaji, namba ni hii." Baada ya hapo mnyamaze kweli, mpaka muhula mpya ukikaribia.

Mjue pia dalili. Mnunuzi anayeuliza maswali, hata ya kulalamika, bado yuko nanyi. Akisema "bei iko juu," hayo ni mazungumzo, na hapo punguzo linaweza kutolewa, lakini lirudishe kitu: "Tukipata kilo 100 kila Jumanne muhula mzima, tutafanya 38." Akisema shule hulipa mwisho wa mwezi, amueni kwanza kama mfuko wenu unaweza kungoja, na msiache mzigo bila karatasi ya mapokezi iliyotiwa sahihi na mtunza stoo. Lakini kama viazi vya kuonja vilikuwa vya majimaji, au vilifika na udongo nusu gunia, hakuna ujumbe utakaorekebisha hilo. Pelekeni vingine kwanza.

Sasa kila katibu atoe simu yake. Atafute ujumbe wa mwisho aliomtumia mnunuzi, iwe ni wa njugu, omena au viazi, auandike kwenye karatasi na kukata kila neno la shida yetu. Tutasoma pamoja yale yatakayobaki.