Mafuta, majani na njiti za pamba ndani ya sikio

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi siku ya kupima watoto uzito. Msemaji ni mhudumu wa afya wa jamii, mkimbizi mwenzetu.)



Kabla ya kuletwa kambini, sisi tulipanga chumba Kamenge, mjini Bujumbura. Mlango wa pili alikaa mama mmoja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alishikwa na mafua. Usiku wa tatu akapata homa, akalia bila kunyamaza, huku akivuta sikio la kulia. Bibi yake akapasha moto mafuta ya mawese katika kijiko, yale mazuri ya Rumonge, akachanganya na maji ya majani aliyoyakamua, akatia matone sikioni. Alfajiri mtoto akalala. Asubuhi tukakuta nguo aliyolalia imelowa maji ya njano. Wote tukasema dawa imefanya kazi, imetoa uchafu. Na mimi nilisema hivyo.

Sasa nawaeleza kilichotokea. Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina njia ya kwenda nyuma ya pua. Mafua yakiziba njia hiyo, usaha unaweza kujaa chumbani na kuisukuma ngozi. Hapo ndipo mtoto analia. Usaha ukizidi, ngozi hupasuka, usaha unamwagika nje, na maumivu yanapungua mara. Mtoto wetu alilala kwa sababu ngozi ilitoboka. Mafuta yalikuwa upande wa nje, hayakugusa ugonjwa.

Tundu la namna hiyo mara nyingi hujifunga lenyewe, kama sikio likikaa kavu. Lakini bibi alikuwa ameona mtoto amelala, basi akaendelea kutia dawa yake kila jioni. Sasa mlango ulikuwa wazi. Mafuta na maji ya majani yalipita moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, pamoja na vijidudu vyake. Majani huwa na udongo, na udongo unaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Wako watoto walioingiliwa na pepopunda kupitia sikio linalotoa usaha. Huyu hakufikia huko. Lakini baada ya mwezi sikio lilinuka, na mtu akimwita kutoka nyuma hakugeuka.

Kwenye kituo cha afya walitazama sikio kwa chombo chenye taa. Usaha ukitoka chini ya siku 14 ugonjwa ni mpya, na mtoto hupewa dawa ya kunywa. Ukifika siku 14 au zaidi umekuwa sugu, na kazi kubwa ni kukausha sikio. Mama alifundishwa kukunja kipande cha kitambaa safi na laini kiwe na ncha, kukiweka sikioni mpaka kilowe, kukitoa, kisha kuweka kingine kikavu, mpaka kitoke kikavu. Alifanya hivyo mara 3 kwa siku, na kila mara akatia matone aliyopewa kituoni. Kitambaa hakiachwi ndani, wala mtoto haingizwi maji sikioni. Kazi hiyo inachosha, siwafichi. Baada ya wiki kadhaa sikio likakauka.

Sasa njiti za pamba, na wale wanaotumia unyoya wa kuku au kifuniko cha kalamu. Nta ya sikio si uchafu. Inatengenezwa karibu na mlango wa sikio, na tunapotafuna chakula inasogea nje yenyewe. Njiti inatoa kidogo na kusukuma nyingi ndani, mpaka inakuwa kizibo. Njia yote, kwa mtu mzima, ni kama sentimeta 2 na nusu tu. Mtoto akikugonga kiwiko wakati huo, njiti inafika kwenye ngozi. Futa sehemu ya nje kwa kitambaa, inatosha.

Juzi mzee mmoja aliniuliza mbona muuguzi naye alimtia mafuta sikioni. Ni kweli. Mafuta safi hulainisha nta ngumu, na huua mdudu aliyeingia akiwa hai. Lakini muuguzi alitazama kwanza kama ngozi ni nzima. Sisi nyumbani hatuwezi kuiona. Na mafuta ya kijikoni yakiwa ya moto yanaunguza, yakiwa ya baridi yanaleta kizunguzungu.

Mtoto akilia sikio usiku, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, umlete asubuhi. Lakini ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, shingo imekakamaa, au mtoto haamki vizuri, usingoje asubuhi. Niamshe hata usiku, tutafute gari la wagonjwa.