Shukrani za vijana wa Nakuru kwa MUHURI baada ya ziara ya mafunzo



Wazee wetu, ndugu na dada wa MUHURI, sisi vijana wa Nakuru tunasema shukran. Mmetupokea hapa Mombasa kama watoto wa nyumbani, na mkatufundisha kazi yenyewe bila kutuficha ugumu wake.

Tulikuja tukijua kuwa mliwahi kukagua miradi ya CDF hapa Changamwe pamoja na wananchi, kwa njia ya baraza la wazi iliyoanzia vijijini Rajasthan, India, miaka ya 1990. Kwa mbali mtu hudhani kazi ni lile baraza: vipaza sauti, ngoma, watu kusimama kuuliza. Kumbe baraza ni siku moja tu. Kazi kubwa iko kwenye makaratasi.

Mfano wa darasa ndio tutakaoubeba. Ukienda shuleni mikono mitupu utaona paa jipya, utapiga picha, utaondoka umeridhika. Lakini ukiwa na ile hesabu ya vifaa, ambayo mafundi huita BQ, swali linabadilika. Imeandikwa mabati geji 28. Je, yaliyoezekwa ni geji gani? Geji 32 ni bati jembamba zaidi, ingawa namba ni kubwa, na bei yake iko chini. Ukisimama chini huwezi kujua. Unatafuta chapa kwenye bati, na kama imefutika unapima unene. Hata ukikuta tofauti, usikimbilie kusema mtu ameiba. Pengine mradi ulibadilishwa kwa barua. Omba hiyo barua, na omba hati ya malipo uone kilicholipiwa ni kipi.

Sasa, ofisi isipotoa karatasi? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuwasilisha ombi ni bure. Gharama ya nakala tu ndiyo unaweza kutozwa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Kwa hivyo hakikisha nakala yako imegongwa muhuri na tarehe siku unapoipeleka. Bila tarehe, utahesabu siku kutoka wapi?

Ombi letu ni hili. Tukirudi tutachagua mradi mmoja tu, darasa au zahanati ndani ya Nakuru Town East, karibu na Bondeni, ili tuweze kwenda kwa miguu. Tutaandika barua wiki hiyo hiyo. Tunawaomba wakufunzi wawili waje Nakuru, ila wasije sasa. Waje karatasi zikishapatikana, tukae siku mbili tuzisome pamoja, kisha twende kupima. Malazi na chakula ni juu yetu. Na kama siku 21 zitapita kimya, tutawapigia simu mtusaidie kuandika hayo malalamiko.