Kabla ya Kuomba Kazi ya Afisa Maudhui wa Tovuti

Msikilizaji, ukiona tangazo la kazi ya afisa maudhui wa tovuti, usiishie kwenye sifa za mwombaji. Soma sehemu ya jaribio la vitendo.

Tuchukue kampuni ndogo ya utalii jijini Arusha. Kazi za afisa maudhui wake ni kuandika kurasa za safari, kuweka picha na kurekebisha bei zilizopitwa na wakati. Ujuzi unaotakiwa ni Kiswahili na Kiingereza fasaha, na kutumia WordPress. Katika kampuni ndogo, yote hayo hufanywa na mtu mmoja.

Sasa jaribio. Unapewa saa 1 na maelezo ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, yameandikwa ovyo. Uyageuze kuwa ukurasa. Wengi huanza kwa kuusifu mlima. Lakini mgeni anataka kujua ni siku ngapi, bei gani, na bei hiyo inajumuisha nini. Tanguliza hayo. Na kama maelezo yanasema siku 6 mwanzoni, kisha siku 7 mwishoni, usibahatishe. Mwulize mwajiri kwa maandishi. Huenda ndicho anachokipima. Ukiweka picha, punguza ukubwa wake kabla ya kuipakia, kisha ufungue ukurasa kwenye simu uone kama unasomeka.

Kwa hiyo, soma sehemu ya jaribio kwanza. Fanya zoezi kama hilo nyumbani, saa ikiwa mbele yako. Ukiambiwa utengeneze tovuti nzima bure, au ulipie usaili, kataa.