Adabu ya Kujuana



Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti juu ya watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliokuwa wamebadilisha kazi. Waliopata kazi kwa kupashwa habari na mtu aliwauliza walikuwa wakionana naye mara ngapi. Zaidi ya nusu walijibu mara chache tu, na zaidi ya robo wakasema mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Sababu inaeleweka: rafiki wa karibu huyajua yale yale unayoyajua wewe, ilhali mtu wa mbali ana habari za kwingine.

Lakini mtu huyo wa mbali hakudai, nawe humdai. Pengo hilo ndilo watu huliziba kwa sifa na kwa majina ya wakubwa.

Chukulia mhitimu anayemwandikia mkuu wa kituo cha utafiti. Anaanza kwa kusema amesoma kazi zake zote, kumbe amesoma vichwa vya makala. Kisha anaongeza kuwa profesa fulani anamfahamu vizuri, na ukweli ni kwamba alikaa katika darasa lake muhula mmoja, miongoni mwa wanafunzi mia mbili. Mkuu anampigia simu profesa. Sasa profesa huyu, ambaye kijana hakumwuliza chochote, ama amkane kijana, ama aubebe uongo wake. Jina lake limewekwa dhamana bila idhini, na hasara ikitokea ni yake.

Kijana huyo angeweza kumwomba profesa ruhusa kwanza, kisha akaandika: "Alinifundisha takwimu muhula mmoja, naye ameniruhusu nimtaje." Badala ya kusifu kila kitu, angetaja makala moja aliyoisoma na swali lililombakia. Sifa ya kweli haiogopi kuandamana na swali. Ya kujikomba huliepuka, maana swali lingefichua kwamba makala haikusomwa.

Wapo wanaodhani kuomba msaada kwenyewe ni aibu. Siafiki. Kant, mwaka 1785, hakukataza tutumiane. Alikataza kumfanya mtu chombo na kusahau kwamba naye ana malengo yake. Kwa hiyo anayeombwa aelezwe shida ilivyo, na aachiwe nafasi ya kukataa. Ukimwalika chai "tusalimiane tu" huku wasifu wako umo mfukoni, umemnyima nafasi hiyo.

Mtu aliyegeuzwa ngazi hujulikana baadaye: kazi ikipatikana, simu hukoma. Ndugu wanafunzi, mrudishieni habari aliyewasaidia, hata mkikosa kazi. Nasi wenye vyeo tuache kuwapa nafasi wanaotusifu, kwa sababu uchawa tunaoulalamikia hustawi pale tunapoulipa.