Tikisa Vizuri Kabla ya Kutumia: Maana ya Maneno Haya Katika Ghala la Chama



Katika maghala mengi ya vyama vya wafugaji, dawa ya minyoo hununuliwa kwa chupa ya lita moja, kisha hugawiwa wanachama kwa vipimo vidogo, kila mmoja kadiri ya mifugo yake. Desturi hiyo ina faida, maana mwenye kondoo sita hana haja ya lita nzima. Hata hivyo, ndani yake umo ugawaji usio wa haki ambao hauonekani katika daftari lolote la chama, nao hutokana na kupuuzwa kwa maneno matano yaliyopigwa chapa pembeni mwa kibandiko: tikisa vizuri kabla ya kutumia.

Maneno hayo hayawekwi kwenye kila dawa ya maji. Iko dawa iliyoyeyuka kabisa, kama chumvi iyeyukavyo katika maji, na kila tone lake hulingana na jingine. Lakini dawa nyingi za kunywesha mifugo si za namna hiyo. Albendazoli, kwa mfano, haiyeyuki majini ila kidogo mno. Mtengenezaji huisaga iwe unga laini sana, akauchanganya na maji yaliyotiwa kitu cha kuyafanya yawe mazito ili unga uelee. Uzito huo huchelewesha tu kuzama kwa unga, wala hauuzuii. Chupa ikikaa rafuni miezi mitatu, unga hushuka, na chini hujikusanya mashapo. Ajuaye kazi ya kupaka chokaa ataelewa upesi: asiyekoroga ndoo hupaka maji asubuhi na tope jioni.

Na ichukuliwe chupa ya lita moja ya albendazoli ya asilimia 2.5, ambayo kila mililita yake imekusudiwa kuwa na miligramu 25 za dawa. Lita nzima ina gramu 25. Tuseme kwamba kwa kukaa, gramu 5 tu zimebaki katika nusu ya juu, na gramu 20 zimeshukia nusu ya chini. Kibandiko chaagiza miligramu 5 kwa kila kilo ya kondoo. Basi kondoo wa kilo 30 ahitaji miligramu 150, yaani mililita 6. Mwanachama aliyefika mapema akamiminiwa kutoka juu, mililita 6 zake zina miligramu 60, pungufu ya nusu ya kipimo. Aliyefika mwisho, mililita 6 zake zina miligramu 240. Wote wawili wamelipa fedha ileile na kutia sahihi katika daftari lilelile.

Hasara ya yule wa kwanza haiishii kwake. Kipimo pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wale wenye kustahimili, nao ndio watakaotaga mayai malishoni. Malisho yakiwa ya pamoja, minyoo sugu huwa ya kijiji kizima, na mwaka wa mbele hata kipimo kamili huonekana hakifai kitu. Yule wa mwisho naye ana hatari yake. Albendazoli yaweza kudhuru mimba changa, ndiyo maana vibandiko vyake hukataza kumnywesha kondoo katika mwezi wa kwanza wa mimba. Kipimo kilichozidi huiongeza hatari hiyo.

Sasa, kutikisa vizuri ni kufanya nini? Kuipunga chupa kulia na kushoto mara mbili tatu hakutoshi, kwa kuwa mashapo hushika kitakoni na maji huzunguka juu yake tu. Chupa yapasa kupinduliwa kichwa chini, ikaachwa hivyo kidogo, kisha itikiswe kwa nguvu na kupinduliwa tena na tena. Chupa mpya iliyojaa hadi shingoni ndiyo ngumu kuliko zote, maana haina nafasi ya hewa ya kuyayumbisha maji, kwa hiyo yahitaji muda zaidi. Baadaye kitako hutazamwa dhidi ya mwanga. Ikiwa bado kuna utando, kazi haijaisha. Ikiwa mashapo yamegeuka bonge gumu lisilovunjika, chupa hiyo isigawiwe, hata kama tarehe yake haijapita. Kijiti kisiingizwe kukoroga, kwa sababu huingiza uchafu.

Kutikisa hurudiwa kila mwanachama anapomiminiwa, wala si mara moja asubuhi. Bomba la kunyweshea nalo hufuata kanuni hiyo: likiachwa limejaa wakati wa chakula cha mchana, dawa hutulia ndani yake.

Jambo jingine ni chupa ya soda. Mwanachama akipewa dawa katika chupa nyeupe isiyo na kibandiko, amenyimwa maagizo yote: kipimo, tarehe, katazo la mimba, na hata neno la kutikisa. Zaidi ya hayo, dawa ambazo kibandiko chake chasema zikingwe na mwanga, kama oksitetrasaiklini ya sindano, hutiwa katika chupa ya rangi ya kahawia kwa makusudi. Mwanga huiharibu dawa hiyo na kuifanya igeuke rangi kuwa nyeusi-nyeusi. Dawa ya sindano haimiminwi kabisa katika chupa nyingine. Ile ya kunywesha, ikilazimu kugawiwa, itiwe katika chombo safi cha dawa, na katibu aandike maagizo yote juu yake kwa Kiswahili.

Yako pia madhara ambayo kutikisa hakuyaponyi, nayo ni ya baridi kali. Kwenye boksi la chanjo huchorwa kipimajoto chenye mistari miwili, 2 na 8. Wengi huuangalia ule wa juu na kuusahau ule wa chini. Chanjo ya chambavu iliyoshikishwa na chumvi ya alumini ikiganda, chembe zake hugandamana zikawa kubwa, na ikiyeyuka hairudii hali yake. Mara nyingi huganda njiani, pale barafu iliyotoka sasa hivi kwenye jokofu inapogusana na chupa. Pakiti ya barafu iachwe nje kwanza mpaka ikitikiswa maji yasikike yakicheza ndani, ndipo iingizwe katika sanduku.

Kwa chanjo za namna hiyo upo mtihani rahisi, uliozoeleka katika chanjo za binadamu. Huchukuliwa chupa moja ya kundi lilelile la kiwandani, ikagandishwa kusudi hadi iwe kipande kigumu, kisha ikaachwa iyeyuke. Hiyo na ile inayoshukiwa hutikiswa pamoja, zikawekwa ubavu kwa ubavu mezani bila kuguswa, na kutazamwa kwa nusu saa. Iliyogandishwa huonyesha mashapo upesi na maji meupe juu. Inayoshukiwa ikishuka upesi sawa na hiyo au zaidi, imeganda nayo na haifai. Ikikawia kushuka, haikuganda. Lakini mtihani huu hausemi lolote juu ya chanjo iliyopata joto. Wala haufai kwa chanjo za unga mkavu, ambazo baadhi yake huhifadhiwa katika baridi ya kugandisha bila kudhurika.

Chupa iliyogandishwa kwa mtihani, pamoja na zile zilizokataliwa, ziandikwe katika daftari la ghala kuwa zimeharibika, zitengwe na zenye kuuzwa, na zikabidhiwe kwa ofisa mifugo.