Barua Inayotangulia Malipo: Kufahamu Salio na Gharama Kabla ya Kufunga Mkopo wa Nyumba Mapema

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata za Mji wa Mafinga



Katika mji unaoishi kwa mbao, fedha nyingi huja kwa mkupuo. Mtu hutunza shamba lake la paini kwa miaka mingi akiishi kwa kujibana, kisha siku moja mnunuzi anakuja, miti inakatwa, na mamilioni yanaingia katika akaunti kwa juma moja. Mwingine hupokea kiinua mgongo, mwingine mgawo wa mirathi. Pale ambapo nyumba ya familia imewekwa rehani, wazo la kwanza la wengi huwa jema: kwenda kwa mkopeshaji, kumaliza deni lote na kurudi na hati. Mazungumzo haya yanahusu hatua moja inayopaswa kutangulia safari hiyo, na ambayo mara nyingi hurukwa, nayo ni kumwandikia mkopeshaji barua ya kuomba taarifa ya salio la deni na gharama zote za kufunga mkopo.

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa mbao anayeishi Kinyanambo. Alikopa shilingi 30,000,000 za kumalizia nyumba, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio linalopungua, kwa muda wa miaka 10. Rejesho lake la kila mwezi ni takriban shilingi 484,000. Amelipa miaka 5 kamili, yaani marejesho 60, na jumla ya alichokwisha kutoa ni kama shilingi 29,040,000. Nusu ya muda imekwisha, na fedha alizotoa zinakaribia mkopo wenyewe. Ni rahisi kwake kuamini kwamba amebakiwa na nusu ya deni, yaani shilingi milioni 15.

Hesabu haiendi hivyo. Katika mkopo wa namna hii, rejesho hulipa kwanza riba ya mwezi husika, na kinachosalia ndicho hupunguza deni la msingi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ilikuwa shilingi 375,000, kwa hiyo katika zile 484,000 ni shilingi 109,000 tu zilizogusa deni. Kadiri deni linavyopungua, riba nayo hupungua na sehemu inayokwenda kwenye deni huongezeka, lakini mwendo wa mwanzo ni wa kinyonga. Baada ya marejesho 60, deni la msingi bado ni takriban shilingi 20,345,000.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mkopaji mwingine huzidisha rejesho lake kwa miezi 60 iliyobaki, anapata shilingi 29,040,000, anakata tamaa na kuendelea kulipa kidogo kidogo. Huyo amejumlisha riba ya miaka ambayo bado haijafika. Akimaliza deni leo, riba hiyo ya baadaye, kama shilingi 8,695,000, haitakuwapo. Kwa hiyo kiasi cha kufungia mkopo si salio analolikisia mkopaji, wala si jumla ya marejesho yaliyobaki. Ni tarakimu ya tatu, na mwenye kuitoa kwa uhakika ni mkopeshaji, kwa maandishi, kwa tarehe maalumu.

Sasa mfanyabiashara huyo anapita dirishani, anauliza kwa mdomo anadaiwa kiasi gani. Karani anatazama kompyuta na kumjibu kwa ukweli mtupu: shilingi 20,345,000. Tarehe 20 Juni anaweka kiasi hichohicho, anapewa stakabadhi, na anarudi nyumbani akiwaambia watoto kwamba nyumba iko huru.

Nyumba haiko huru. Karani alisoma deni la msingi kama lilivyokuwa baada ya rejesho la tarehe 31 Mei. Tangu siku hiyo riba imekuwa ikijikusanya kila siku. Asilimia 15 ya 20,345,000, ikigawanywa kwa siku 365, ni takriban shilingi 8,361 kwa siku, na kwa siku 20 zinakuwa shilingi 167,220. Tena mkataba wake una kifungu kinachotoza asilimia 2 ya salio kwa anayefunga mkopo kabla ya muda, yaani shilingi 406,900. Juu ya hayo, katika daftari la mkopo kuna adhabu ya shilingi 210,000 kwa rejesho la mwaka uliopita lililosomeka kuwa limechelewa, jambo ambalo hakuwahi kuambiwa. Amebakiza shilingi 784,120. Mkopo unahesabika kuwa hai, kilichobaki kinaendelea kuzaa riba na pengine adhabu nyingine, na hati haitolewi. Hali hii hugunduliwa miezi kadhaa baadaye, na pengine mgunduzi ni mjane au mtoto aliyefuata hati, baada ya fedha za miti kwisha.

Barua ingezuia yote hayo. Haina haja ya kuwa ndefu. Baada ya anwani, tarehe, jina kamili na namba ya mkopo, kichwa chake kinaweza kusomeka hivi: YAH: MAOMBI YA TAARIFA YA SALIO LA DENI NA GHARAMA KABLA YA KUFUNGA MKOPO. Na mwili wake uwe kama ifuatavyo:

“Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninakusudia kulipa mkopo tajwa wote kabla ya muda wake, tarehe 20 Juni. Naomba nipatiwe kwa maandishi kiasi kamili kitakachofunga mkopo huu siku hiyo, kikionyesha kila fungu peke yake: deni la msingi, riba iliyokusanyika hadi tarehe hiyo, adhabu kama zipo pamoja na tarehe na sababu ya kila moja, na tozo ya kufunga mkopo mapema pamoja na kifungu cha mkataba kinachoiruhusu. Naomba pia kufahamu riba ya kila siku endapo malipo yatachelewa, siku ya mwisho ambayo taarifa hii itatumika, akaunti ya kuweka fedha, hatima ya bima ya mkopo kwa muda uliobaki, na utaratibu, muda na gharama za kuondoa rehani na kurejeshewa hati yangu. Ninaomba kwa heshima nijibiwe ndani ya siku saba za kazi.”

Barua ipelekwe nakala mbili. Moja inabaki kwa mkopeshaji, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani. Muhuri huo ndio unaothibitisha tarehe iwapo jibu litachelewa na riba ikaendelea kuhesabiwa.

Jibu likija, lisomwe mkataba ukiwa mezani. Fungu la kutazamwa kwa makini kuliko yote ni la tozo na adhabu, kwa sababu deni la msingi na riba vinaweza kuhakikiwa kwa hesabu, lakini tozo husimama juu ya maneno ya mkataba tu. Katika mfano huu, mfanyabiashara angeikuta ile asilimia 2 katika mkataba wake, na angeilipa. Adhabu ya 210,000 angeihoji, na kama taarifa ya akaunti yake ingeonyesha kwamba fedha ziliingia kabla ya siku ya mwisho, angekuwa na haki ya kudai ifutwe. Bila adhabu hiyo, angefunga mkopo kwa shilingi 20,919,120. Akilinganisha na 29,040,000 ambazo angelipa kwa kuendelea hadi mwisho, tofauti ni shilingi 8,120,880.

Tahadhari moja hapa. Hesabu hii ni ya riba inayopungua pamoja na salio. Ipo mikopo ambayo riba yake hukokotolewa juu ya kiasi chote kilichokopwa tangu mwanzo, na huongezwa kwenye deni siku ya kwanza. Kwa mkopo wa aina hiyo, kulipa mapema kunaweza kusiokoe kitu chochote, isipokuwa mkataba unatoa punguzo kwa riba ya muda usiotumika. Mwenye mkopo wa namna hiyo aulize habari ya punguzo katika barua hiyohiyo, kabla ya kuuza miti yake kwa haraka na kwa bei ya kutupa.

Kuhusu haki yenyewe, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, inampa mweka rehani haki ya kuikomboa ardhi yake kwa kulipa fedha zote zilizodhaminiwa, wakati wowote kabla ardhi hiyo haijauzwa. Neno zito hapo ni “zote”, na ndiyo sababu ya kudai tarakimu kamili. Kwa majirani wa Kenya, kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema mkopeshaji anaweza kumtaka anayefunga mapema ama atoe taarifa ya mwezi mmoja, ama alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Kwa mfano wa Kinyanambo, riba ya mwezi ingekuwa kama shilingi 254,000, chini ya ile tozo ya asilimia 2. Sheria ya Kenya haitumiki Mafinga, lakini kipimo hicho ni hoja nzuri kwa mtu anayejadiliana na afisa mikopo kabla ya kusaini mkataba mpya.

Mkopeshaji asipojibu, au akijibu kwa jumla moja isiyo na mchanganuo, malalamiko hupelekwa kwanza kwake yeye mwenyewe kwa maandishi. Yakishindikana, mteja wa benki anaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ilitoa Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha mwaka 2019 na ina tawi Mbeya. Mwanachama wa SACCOS huanzia kwa bodi ya chama chake, kisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Malipo yakikamilika, kazi imebaki nusu. Anayelipa kwa makato ya mshahara ahakikishe mkopeshaji ameagiza makato yasitishwe, kwani orodha ya mishahara huandaliwa mapema na kato moja la ziada si jambo geni. Likitokea, lidaiwe kwa barua. Kisha ipatikane barua ya kuthibitisha kwamba deni ni sifuri, na hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na mkopeshaji. Wengi hupokea hati ya nyumba, wakaifungia sandukuni na kuridhika. Hata hivyo rehani imeandikwa katika daftari la Msajili wa Hati, na haifutiki kwa hati kukaa sandukuni. Ni lazima hati ya kuondoa rehani isajiliwe. Mtu aliyeacha hatua hiyo hushtuka siku mnunuzi anapofanya upekuzi na kukuta nyumba bado inasomeka kuwa dhamana ya deni lililolipwa miaka mingi iliyopita, na pengine tawi lililokopesha limekwisha kuhamishwa.

Baada ya usajili, mwenye nyumba aombe upekuzi yeye mwenyewe katika Ofisi ya Ardhi, na majibu yake yahifadhiwe pamoja na ile nakala ya barua yenye muhuri.